Mhusika Kati ya Maji na Hewa: Namna ya Kumfanya Aelee, Aogelee na Atoke Majini bila Kutetemeka

Ndugu watengenezaji wa michezo, mabibi na mabwana,

Nimeombwa kuzungumzia maji katika dunia za michezo ya kompyuta, na katika somo hilo pana nimechagua kipande chembamba sana, ambacho ni ule unene wa nusu mita hivi kuzunguka uso wa maji. Mhusika akiwa nchi kavu, injini ya mchezo inajua la kufanya, kwa kuwa kuna ardhi chini ya miguu na kuna mvutano wa dunia. Akiwa ndani kabisa ya maji, kazi ni rahisi pia, kwa maana anakwenda kila upande kwa kasi ndogo na maji yanamkinza. Matatizo karibu yote yanazaliwa pale katikati, ambapo kichwa kiko hewani, miguu iko majini, na programu inalazimika kuamua katika kila fremu ikiwa mtu huyu anatembea, anaogelea au anaanguka. Mchezaji anaona matokeo ya uamuzi mbaya papo hapo. Mhusika anatetemeka, picha za mwendo zinabadilika mara kadhaa katika sekunde moja, na sauti ya kutumbukia inarudiwa mfululizo ilhali mtu amesimama tu katika maji ya kifua.

Hoja yangu ni moja. Mhusika asiache kuogelea kwa sababu tu ameinuka juu kidogo kuliko kawaida. Aache kuogelea kwa sababu amepata pa kusimama au amepata pa kushika. Nitaanza na kuelea kwenyewe, kwa sababu bila kujua mhusika anapanda na kushuka kiasi gani, hatuwezi kuchagua vizingiti vya maana.

Kanuni ya Arkimede inasema kwamba kitu kilichozama, chote au sehemu yake, husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Katika mchezo, mhusika kwa kawaida huwakilishwa na kapsuli iliyosimama wima, na kwa kazi yetu inatosha kuichukulia kuwa ina unene uleule kutoka chini hadi juu. Tuseme urefu wake ni mita 1.8. Tuite s sehemu ya urefu huo iliyo chini ya maji, yaani 0 akiwa nje kabisa na 1 akiwa amezama wote, na tuite S0 sehemu ambayo tunataka iwe majini anapoelea kwa utulivu. Mwili wa binadamu una msongamano unaokaribiana sana na wa maji, ndiyo maana mtu halisi anayeelea huonyesha sehemu ndogo tu ya mwili wake. Katika mchezo tunahitaji uso wake uonekane vizuri, kwa hiyo mimi huchagua S0 ya 0.85. Hapo mita 1.53 ziko majini na sentimita 27 ziko nje, yaani kichwa na sehemu ya shingo. Uzuri wa kuandika hesabu kwa njia hii ni kwamba hatuhitaji kujua uzito wa mhusika wala ujazo wake, kwa kuwa vyote viwili vimeshafichwa ndani ya S0.

Kwa wanaotumia Godot, moyo wa jambo lote ni mistari hii:

```gdscript
var kina = uso_wa_maji(global_position) - global_position.y
var s = clampf(kina / 1.8, 0.0, 1.0)
var mchapuko = -9.81 + 9.81 * s / S0 - C * s * velocity.y
velocity.y += mchapuko * delta
```

Hapa nachukulia kwamba chimbuko la mhusika liko kwenye nyayo zake. Sehemu ya kwanza ya mchapuko ni mvutano wa dunia, ya pili ni msukumo wa maji, na ya tatu ni ukinzani, wenye ukubwa C, unaoua mwendo wa juu na chini. Ukinzani huo nimeuzidisha kwa s ili mtu aliye nje ya maji asikinzwe na maji ambayo hayamgusi. Kasi inabadilishwa kwanza, kisha ndipo mahali panapobadilishwa kwa kasi hiyo mpya. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa ukipima kina kisha ukamsogeza mhusika kwa kasi ya zamani kabla ya kuirekebisha, kila hatua inaongeza nishati kidogo ambayo haikuwapo, na yumbo la juu na chini linachelewa kufifia. Hesabu hii ifanyike katika `_physics_process`, ambayo kwa kawaida huitwa mara 60 kwa sekunde, wala isifanyike katika fremu za picha ambazo idadi yake hubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Sasa tuangalie kinachotokea karibu na uso. Mhusika akishuka sentimita moja zaidi ya pale anapotulia, maji yanamsukuma juu kwa nguvu kidogo. Akishuka mbili, yanamsukuma mara mbili yake. Huo ni mwenendo wa springi. Ukigawa 9.81 kwa 1.53 unapata 6.4, ambayo ndiyo ukakamavu wa springi yenyewe kwa kila kilo ya mwili, na kutoka hapo inajulikana kwamba bila ukinzani mhusika angepanda na kushuka mara moja katika kila sekunde 2.5. Ili springi hiyo itulie bila kupita hata kidogo mahali pake, ukinzani unapaswa kufika 5.1 hivi. Lakini mtu asiyepita mahali pake hata kidogo anaonekana kama amekwama katika uji. Nimeridhika zaidi na C ya 4, ambayo katika hali ya kuelea inakuwa 3.4 baada ya kuzidishwa kwa s. Mhusika anapita mahali pake kwa kiasi kidogo sana, anarudi, na anatulia, na jicho linaamini kwamba chini yake kuna maji.

Namba hiyohiyo inayotuliza uso, hata hivyo, inaleta shida kilindini, na hapa naomba mnifuate kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi huanza kubandika viraka. Tuchukue mhusika aliyeruka kutoka jabali lenye kimo cha mita 10. Anafika kwenye maji akiwa na kasi ya mita 14 kwa sekunde. Kwa ukinzani wetu, nyayo zake zitafika kina cha mita 4 hivi kabla ya kusimama, na kichwa chake kitakuwa zaidi ya mita 2 chini ya uso. Hilo ni sawa kabisa, na linaonekana vizuri. Kisha anaanza kupanda. Akiwa amezama wote, msukumo wa maji ukitoa uzito unaacha mchapuko wa 1.73 tu, na ukigawa kwa ukinzani wa 4, kasi yake ya juu kabisa ya kupanda inakuwa mita 0.43 kwa sekunde. Mchezaji atasubiri zaidi ya sekunde 5 akitazama mapovu. Atabonyeza kila kitufe alichonacho.

Suluhisho linalokuja haraka ni kupunguza ukinzani au kuongeza msukumo wa maji, na yote mawili yanaharibu ule utulivu tulioutengeneza juu. Afadhali kumpa mhusika nguvu ya mikono na miguu yake mwenyewe. Mchezaji anaposhika kitufe cha kupanda, tunaongeza mchapuko wa 6 kuelekea juu, na kasi ya kupanda inafika mita 1.9 kwa sekunde. Zile mita 2 na ushei zinaisha katika muda wa sekunde moja na nusu hivi. Nguvu hiyo ni lazima ififie mhusika anapotoa kichwa, yaani iwe kamili s ikiwa 1, na iwe sifuri s ikifika S0, la sivyo mchezaji anayeendelea kushika kitufe atamsimamisha mhusika juu ya maji akiwa ametoa kifua chote nje.

Hata nguvu hiyo ikififia, kasi aliyokuja nayo haipotei mara moja. Mhusika anayefika kwenye uso kwa mita 1.9 kwa sekunde, hata kitufe kikiachiwa hapohapo, atapita mahali pake pa kutulia kwa sentimita 20 hivi, kama chupa tupu iliyoachiwa kutoka chini ya maji, kisha atarudi. Sentimita 20 ni nzuri kwa macho. Mtu anaibuka, mabega yanatokeza, anashusha pumzi. Lakini wakati huo s imeshuka kutoka 0.85 hadi 0.74, na nyayo ziko mita 1.33 tu chini ya uso. Sasa fikirini programu ambayo imeandikwa kwamba mhusika anaogelea ikiwa nyayo zake ziko zaidi ya mita 1.35 chini ya uso, na vinginevyo haogelei. Kizingiti hicho kinasikika cha busara, kwani ni maji ya kifua. Kumbe katikati ya bahari, penye kina cha mita 50, mhusika anaibuka, anavuka kizingiti, programu inatangaza kwamba haogelei tena, inatafuta ardhi, haioni, inampa hali ya kuanguka, anashuka sentimita chache, anavuka kizingiti tena, anaogelea. Hayo yote yanatukia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kila mvuko unaita picha yake ya mwendo na sauti yake.

Kosa liko katika kutumia kipimo kimoja kujibu maswali mawili. Kipimo cha kwanza ni kina cha kuzama, yaani nyayo ziko umbali gani chini ya uso wa maji hivi sasa. Hicho ndicho kinachoendesha msukumo, na ni haki yake kubadilika kila mara. Kipimo cha pili ni kina cha maji, yaani umbali kutoka uso hadi ardhi iliyo chini ya mhusika. Hicho hakijui kama mhusika ameibuka au amezama, kinajua tu mahali alipo. Swali la kama mtu anaweza kusimama linajibiwa na kipimo cha pili peke yake, nalo linaandikwa hivi:

```gdscript
var kina_cha_maji = usawa_tulivu - urefu_wa_ardhi
if hali == TEMBEA and kina_cha_maji > 1.6:
    hali = OGELEA
elif hali == OGELEA and ardhi_ipo and kina_cha_maji < 1.2:
    hali = TEMBEA
```

Urefu wa ardhi unapatikana kwa kupiga mwale kutoka kiunoni kwenda chini mita 3 hivi. Mwale usipogusa kitu, maji ni marefu na `ardhi_ipo` ni uongo, na urefu wa ardhi huchukuliwa kuwa chini kabisa. Mwale uanzie kiunoni, wala usianzie kwenye nyayo, kwa sababu nyayo zinazogusa mchanga huweza kuwa ndani ya ardhi kwa unywele mmoja, na mwale ulioanzia ndani ya kitu mara nyingi haukioni kitu hicho.

Vizingiti viwili vimetengana kwa sentimita 40, na namba zake hazikuokotwa. Cha kuingia kimewekwa 1.6 kwa sababu mhusika huelea akiwa amezama mita 1.53. Kama tungemwingiza katika kuogelea penye maji ya mita 1.4, maji yangejaribu kumpandisha hadi mahali pake pa kutulia na yangekuta hayana la kufanya, kwa kuwa miguu bado iko chini mchangani. Angekuwa muogeleaji anayetembea. Akiingia penye mita 1.6, maji yanamnyanyua sentimita 7 kutoka chini, na mpito unaonekana kama miguu yake imeacha ardhi yenyewe. Cha kutoka kimewekwa 1.2 ili anaporudi ufukweni aogelee mpaka maji ya kifua. Kati ya mita 1.53 na 1.2 kapsuli yake itateleza juu ya mteremko huku bado yuko katika hali ya kuogelea, na hilo halina madhara ilimradi mmekumbuka kuweka `floor_snap_length` kuwa 0 katika hali hiyo. Thamani yake ya kawaida katika Godot 4 ni 0.1, na ikiachwa ilivyo, ardhi humng'ang'ania mhusika aliyekuwa ameigusa kila anapokosa kasi ya kwenda juu.

Mmeona nimeandika usawa tulivu, yaani kimo cha maji kama mawimbi yasingekuwapo. Mawimbi ya nusu mita kutoka bonde hadi kilele ni makubwa kuliko ule mwachano wa sentimita 40, kwa hiyo mtu aliyesimama ufukweni angebadilishwa hali na kila wimbi linalopita. Mawimbi yaachiwe kazi ya kumpandisha na kumshusha mhusika kupitia ule mstari wa msukumo. Uamuzi wa hali usiyasikie kabisa.

Kwa mhusika anayeanguka kutoka juu, njia ni tofauti kidogo, kwa sababu hana ardhi ya kuulizia. Yeye huingia katika kuogelea maji yanapofika kiunoni, yaani kina cha kuzama kikizidi mita 0.9 huku kina cha maji kikizidi 1.6. Akianguka katika maji mafupi kuliko hayo, aachwe atue kwa miguu yake na atembee.

Nije kwenye kutoka majini penye ukingo, kama gati au mwamba, ambapo hakuna mteremko wa kumrudisha mtu polepole. Suluhisho la zamani bado linafundisha. Katika msimbo wa Quake III Arena, ambao ulitolewa hadharani mwaka 2005, kiasi cha maji hupimwa kwa nukta tatu za mwili, miguuni, kiunoni na machoni, na kuruka nje kunaruhusiwa tu maji yakiwa yamefika kiunoni na macho yako nje. Programu inachungulia umbali wa vipimo 30, kwa kizio cha urefu cha mchezo huo, mbele ya mhusika. Ikikuta kitu kigumu hapo, na nafasi tupu vipimo 16 juu yake, inaelewa kwamba hapo pana ukingo. Kisha inampa kasi ya 200 kwenda mbele na 350 kwenda juu. Urefu wa mhusika mwenyewe ni vipimo 56.

Jambo ninalolipenda zaidi katika msimbo ule ni saa ndogo inayofuatana na ruko hilo. Kwa muda usiozidi milisekunde 2000, au mpaka mhusika aanze kushuka, vitufe vya mchezaji havimwelekezi. Waandishi wake walielewa kwamba mtu anayetoka majini bado yuko majini kwa muda, na kwamba sheria za kuogelea zikiruhusiwa kumgusa wakati huo zitamrudisha chini. Nanyi, hata kama mnatumia picha nzuri za mhusika anayeshika ukingo na kujivuta, fungeni ukaguzi wa maji tangu mkono unapogusa ukingo hadi mguu unaposimama juu yake. Kimo cha ukingo kipimwe kutoka usawa tulivu, ili gati lilelile lisikubali kupandwa wimbi likiwa juu na likatae sekunde moja baadaye. Mchezaji hawezi kukisia sheria ya namna hiyo, na ataamini kwamba gati limeharibika.

Limebaki suala la uso wenyewe. Maji yanayochorwa na kadi ya picha na maji yanayohesabiwa na fizikia ni lazima yawe maji yaleyale. Wengi wetu tunatumia mawimbi ya Gerstner, yaliyoelezwa na mwanahisabati huyo mwaka 1802, na mawimbi hayo yana tabia inayosahaulika. Hayapandishi tu nukta za maji, yanazisukuma pembeni pia, na ndiyo maana vilele vyake ni vikali na mabonde yake mapana. Kwa sababu hiyo, ukiweka mahali alipo mhusika katika fomula, kimo unachopata ni cha nukta ambayo imeshahamia kwingine. Inabidi kurudi nyuma: kisia nukta ya asili, ona inasukumwa hadi wapi, ondoa tofauti, kisia tena. Kwa mawimbi ya wastani, mizunguko mitatu au minne inatosha. Saa inayotumika pande zote mbili iwe moja pia, nayo ipelekwe kwa kadi ya picha kutoka kwenye mchezo. Ukiiacha kadi itumie saa yake, mawimbi yanayoonekana yataendelea wakati mchezo umesimamishwa, na tangu hapo mhusika atapanda wakati maji yanashuka.

Kuligundua kosa hili kwa kumtazama mhusika ni vigumu, kwa kuwa ukinzani humfanya achelewe kidogo nyuma ya wimbi hata hesabu ikiwa sahihi. Wekeni mipira midogo kumi mahali ambapo fomula inasema uso upo, bila fizikia yoyote, muitazame ikipita vileleni. Ikizama au ikining'inia hewani kandokando ya vilele huku ikikaa sawa mabondeni, umesahau ule msukumo wa pembeni. Ikiachana na maji kila mahali, saa ni mbili.

Kwa upande wa hali, andikeni kila mpito katika faili pamoja na muda wake, kisha mwacheni mhusika bila kumgusa kwa dakika kadhaa mahali penye maji ya mita 1.2, 1.4 na 1.6, mawimbi yakiwa makubwa kadiri mchezo unavyoruhusu. Faili lisiwe na mpito hata mmoja baada ya ule wa kwanza. Baada ya hapo mtumbukizeni kutoka mita 10 penye maji marefu, akiwa ameshikilia kitufe cha kupanda njia nzima. Hapo mpito unaoruhusiwa ni mmoja, kutoka kuanguka kwenda kuogelea, na ukiona wa pili umeandikwa wakati kichwa kinaibuka, kuna mahali fulani katika msimbo ambapo kina cha kuzama bado kinaulizwa swali la kina cha maji.